Mashine ya miaka 3 na mashine ya miaka 5: mwongozo wa kuzilinganisha kwa anuiti ya mwaka

Kikundi cha wabanguaji wa korosho wilayani Newala kinataka kununua mashine mpya ya kubangua, na mezani kuna ankara mbili za wauzaji. Mashine ya kwanza, ambayo tutaiita Ndogo, inauzwa shilingi 9,000,000 na inatarajiwa kufanya kazi miaka 3 kabla ya kuchakaa kabisa. Ya pili, ambayo tutaiita Kubwa, inauzwa shilingi 18,000,000 na inatarajiwa kudumu miaka 5. Wanakikundi wamegawanyika. Upande mmoja unaona Kubwa ni ghali mno, upande mwingine unasema inaingiza zaidi kila msimu na inadumu, na mweka hazina amepewa kazi ya kuleta hesabu itakayomaliza ubishi huo. Bei na mapato yote katika mwongozo huu ni ya mfano, nami nimeyachagua kwa makusudi ili yaonyeshe mahali hesabu ya kawaida inapopotosha. Msomaji ataweka tarakimu za mashine zake mwenyewe na kufuata njia ileile.

Ugumu hautokani na tofauti ya bei, bali na tofauti ya umri. Ukijumlisha faida ya Kubwa kwa miaka 5 na kuilinganisha na faida ya Ndogo kwa miaka 3, umeipa Kubwa misimu miwili ya ziada ya kuvuna, kana kwamba Ndogo ikishachakaa kikundi kitafunga mlango na kukaa bure. Kikundi hakitafanya hivyo. Kitanunua mashine nyingine na kuendelea kubangua. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni hili: kila mwaka mmoja wa kumiliki mashine hii unakiachia kikundi kiasi gani, baada ya kurudisha gharama ya mashine pamoja na gharama ya fedha iliyofungwa ndani yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa anuiti linganifu ya mwaka, yaani kiasi kimoja kisichobadilika ambacho, kama kingelipwa kila mwaka katika maisha ya mashine, kingekuwa na thamani sawa na faida yote ya mashine hiyo ikipimwa kwa fedha za leo.

Hatua ya kwanza: fedha zinazoingia na kutoka kila mwaka

Kikundi chetu kinabangua kwa ujira. Wateja huleta korosho ghafi, hulipa shilingi 250 kwa kila kilo, kisha huondoka na korosho iliyobanguliwa. Kwa mwaka kikundi hupata tani 50 za kubangua, sawa na kilo 50,000, na hivyo mapato yake ni shilingi 12,500,000.

Hapa mweka hazina lazima asimame kidogo, kwa sababu muuzaji wa Kubwa ameandika kwenye karatasi yake kwamba mashine inaweza kubangua tani 80 kwa mwaka. Huenda ni kweli, lakini uwezo wa mashine si kazi iliyopo. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Mtwara na Lindi hupita kwenye vyama vya msingi na stakabadhi ghalani, huuzwa mnadani kuanzia mwezi wa kumi, na husafirishwa ikiwa bado ghafi. Kinachobaki kwa wabanguaji wadogo ni kile ambacho wateja wao wamekipata. Kama kikundi hiki hakijawahi kupokea zaidi ya tani 50, basi mashine zote mbili zihesabiwe kwa tani 50. Nimeona makadirio mengi ya mashine yakiharibika katika mstari huu mmoja, pale mapato yanapoandikwa kwa uwezo ulioko kwenye kibati cha kiwanda badala ya magunia yaliyopokelewa mlangoni.

Kwa kuwa mapato ni sawa, tofauti iko kwenye matumizi. Ndogo inahitaji watu wengi zaidi wa kulisha korosho mojamoja na kurudia zile ambazo hazikufunguka, kwa hiyo ujira wa vibarua ni shilingi 4,200,000 kwa mwaka, umeme ni 1,100,000, spea ni 1,000,000, na matumizi mengine kama usafi na ulinzi ni 600,000. Jumla ni 6,900,000, na kinachobaki ni shilingi 5,600,000 kwa mwaka. Kubwa hupunguza vibarua hadi 3,000,000 na spea hadi 500,000, ila hula umeme zaidi, 1,500,000, huku matumizi mengine yakibaki 600,000. Jumla ni 5,600,000, na kinachobaki ni shilingi 6,900,000 kwa mwaka.

Yako mambo mawili zaidi ya kuingizwa. Kubwa itahitaji matengenezo makubwa mwishoni mwa mwaka wa tatu, ya kubadilisha beringi, visu na mota, kwa shilingi 1,500,000. Na kila mashine ikifika mwisho wake ina thamani ya masalio: Ndogo itauzwa kama chuma na vipande kwa shilingi 600,000 mwishoni mwa mwaka wa 3, na Kubwa kwa 1,500,000 mwishoni mwa mwaka wa 5.

Vitu vitatu havitakiwi kuingia katika orodha hii, ingawa mara nyingi huingizwa. Cha kwanza ni uchakavu wa mashine unaoandikwa kwenye vitabu vya hesabu, kwa sababu hakuna noti inayotoka mfukoni kwa jina la uchakavu. Bei ya mashine tayari tumeihesabu siku ya kununua, na ukitoa uchakavu tena umelipia mashine mara mbili. Cha pili ni riba ya mkopo, kwa sababu itahesabiwa ndani ya kiwango cha punguzo katika hatua inayofuata. Cha tatu ni fedha ambayo imeshatumika na haitarudi, kama nauli ya wajumbe waliokwenda Dar es Salaam kuziona mashine. Nauli hiyo imekwisha kutoka, iwe itanunuliwa Ndogo, Kubwa au isinunuliwe yoyote. Iwapo kikundi kinalipa kodi ya mapato, hiyo ni fedha inayotoka na lazima iingie. Hapo tu ndipo uchakavu unapopata nafasi, kwa sababu hupunguza kodi. Mfano wetu hauna kodi.

Hatua ya pili: kiwango cha punguzo

Shilingi itakayopatikana baada ya miaka mitatu haina uzito wa shilingi ya leo, kwa kuwa ya leo ingeweza kulipa deni au kuzalisha. Kiwango cha punguzo ndicho kinachopima tofauti hiyo. Kwa kikundi kitakachokopa, pa kuanzia ni riba ya mkopo wenyewe. Kwa kikundi chenye akiba, ni kile ambacho akiba hiyo ingezalisha katika kazi nyingine yenye hatari inayofanana. Tuseme kikundi kitakopa kwa asilimia 20 kwa mwaka.

Tusiitumie asilimia 20 hivihivi, na sababu yake inafaa kuelezwa vizuri. Mapato na matumizi tuliyoyaandika yote yako katika bei za leo: tumeweka shilingi 250 kwa kilo katika mwaka wa kwanza na pia katika mwaka wa tano, ingawa tunajua kwamba ujira, umeme na vibarua vitapanda pamoja na bei nyingine sokoni. Riba ya benki, kwa upande wake, tayari ina mfumuko wa bei ndani yake. Ukipunguza fedha zisizo na mfumuko kwa riba yenye mfumuko, miaka ya mbali inaadhibiwa kupita kiasi, na mashine inayodumu ndiyo inayoumia zaidi. Basi toa mfumuko kwenye riba. Kama bei zinatarajiwa kupanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, gawanya 1.20 kwa 1.04 upate 1.154, yaani riba halisi ya takriban asilimia 15. Hiyo ndiyo tutakayoitumia. Njia nyingine iliyo sahihi ni kupandisha kila mstari wa mapato na matumizi kwa asilimia 4 kila mwaka na kubaki na asilimia 20, lakini kwa anuiti njia hiyo inaleta usumbufu: kiasi kinachopatikana ni cha shilingi zinazopoteza thamani mwaka hadi mwaka, na mashine mbili zenye umri tofauti hazilinganiki tena moja kwa moja. Kwa kulinganisha umri usiolingana, napendekeza bei za leo na riba halisi.

Hatua ya tatu: thamani halisi ya sasa

Kwa asilimia 15, kigezo cha kila mwaka, yaani namba ya kuzidishia fedha za mwaka huo ili kupata thamani yake ya leo, hupatikana kwa kugawanya 1 kwa 1.15, kisha kugawanya tena jibu kwa 1.15, na kuendelea hivyo. Vigezo ni 0.8696 kwa mwaka wa 1, 0.7561 kwa mwaka wa 2, 0.6575 kwa mwaka wa 3, 0.5718 kwa mwaka wa 4 na 0.4972 kwa mwaka wa 5. Tunachukulia kwamba fedha za kila mwaka zinahesabiwa mwishoni mwa mwaka.

Kwa Ndogo, mwaka wa 1 unatoa 5,600,000 × 0.8696 = 4,869,760, na mwaka wa 2 unatoa 4,234,160. Mwaka wa 3 una 5,600,000 pamoja na masalio ya 600,000, jumla 6,200,000, ambayo kwa fedha za leo ni 4,076,500. Vyote vitatu ni 13,180,420. Tukitoa bei ya kununulia, 9,000,000, thamani halisi ya sasa ya Ndogo ni shilingi 4,180,420.

Kwa Kubwa tuweke jedwali, kwa sababu mwaka wa 3 umepungua kwa matengenezo na wa 5 umeongezeka kwa masalio.

| Mwaka | Fedha halisi | Kigezo | Thamani ya sasa |
|---|---|---|---|
| 0 | −18,000,000 | 1.0000 | −18,000,000 |
| 1 | 6,900,000 | 0.8696 | 6,000,240 |
| 2 | 6,900,000 | 0.7561 | 5,217,090 |
| 3 | 5,400,000 | 0.6575 | 3,550,500 |
| 4 | 6,900,000 | 0.5718 | 3,945,420 |
| 5 | 8,400,000 | 0.4972 | 4,176,480 |
| Jumla | | | 4,889,730 |

Mweka hazina akiishia hapa, atasema Kubwa imeshinda kwa zaidi ya shilingi 700,000, na kikundi kitakwenda kukopa milioni 18. Hapa ndipo hesabu ya kawaida inapopotosha. Hiyo 4,889,730 imepatikana kwa miaka mitano, na 4,180,420 kwa miaka mitatu.

Hatua ya nne: kuigeuza kuwa anuiti

Kishawishi cha kwanza ni kugawanya kwa idadi ya miaka. Usifanye hivyo. Kugawanya kwa 3 au kwa 5 kunachukulia kwamba shilingi ya mwaka wa tano ni sawa na ya mwaka wa kwanza, ilhali kazi yote tuliyoifanya katika hatua iliyopita ilikuwa ni kukataa jambo hilo. Tunagawanya kwa jumla ya vigezo vya miaka ya mashine husika.

Kwa Ndogo, 0.8696 + 0.7561 + 0.6575 = 2.2832. Anuiti yake ni 4,180,420 ÷ 2.2832 = shilingi 1,830,948 kwa mwaka.

Kwa Kubwa, jumla ya vigezo vitano ni 3.3522. Anuiti yake ni 4,889,730 ÷ 3.3522 = shilingi 1,458,663 kwa mwaka.

Mpangilio umepinduka. Kila mwaka wa kumiliki Ndogo unakiachia kikundi takriban shilingi 372,000 zaidi ya kila mwaka wa kumiliki Kubwa, baada ya bei na riba kulipwa. Asiye na vigezo mkononi anaweza kutumia kanuni hii, ambamo N ni thamani halisi ya sasa, r ni kiwango cha punguzo na n ni miaka ya mashine:

```
A = N × r / (1 - (1 + r)^-n)
```

Kwenye kompyuta, weka fedha za Kubwa kuanzia kisanduku B2 (bei, ikiwa na alama ya kutoa) hadi B7, andika mstari wa kwanza hapa chini katika B8 na wa pili katika B9:

```
=B2+NPV(15%,B3:B7)
=PMT(15%,5,-B8)
```

Angalia kwamba B2 iko nje ya mabano. Kitendo cha NPV huchukulia kuwa tarakimu ya kwanza iliyo ndani yake ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Ukiiingiza bei ya mashine humo, umeisogeza mbele mwaka mzima na mashine zote zitaonekana tofauti na zilivyo. Majibu ya kompyuta yatatofautiana na yetu kwa shilingi mia chache kwa sababu vigezo vyetu vimefupishwa hadi tarakimu nne.

Kuhakiki kwa mnyororo wa mashine

Mwanakikundi asiyeiamini anuiti ana haki ya kuonyeshwa kwa njia nyingine. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 3 na kwa 5 ni 15. Katika miaka 15 kikundi kingenunua Ndogo mara tano, yaani leo na mwishoni mwa miaka ya 3, 6, 9 na 12, au kingenunua Kubwa mara tatu, leo na mwishoni mwa miaka ya 5 na 10. Kila ununuzi unaleta thamani ileile ya 4,180,420 au 4,889,730 siku unapofanyika, nasi tunairudisha hadi leo. Mnyororo wa Ndogo una thamani ya takriban shilingi milioni 10.71, na wa Kubwa takriban milioni 8.53. Mshindi ni yuleyule. Tena, ukizidisha kila anuiti kwa jumla ya vigezo vya miaka 15, ambayo ni 5.8474, unapata tarakimu hizohizo. Anuiti basi ni mnyororo uleule uliofupishwa, na inabeba dhana ileile: kwamba mashine ikifa itanunuliwa nyingine ya namna hiyo, kwa bei hiyo ya leo, yenye mapato hayo.

Jibu hili lina nguvu kiasi gani?

Hapa ndipo ningependa mweka hazina atumie muda mwingi kuliko alioutumia kwenye vigezo, kwa sababu shilingi 372,000 ni pengo dogo, na kila tarakimu tuliyoiweka ni makadirio.

Aanze na umri, maana katika mfano huu hakuna kitu kinachotikisa jibu kama umri. Tuseme Kubwa itadumu miaka 6 badala ya 5, na mengine yote yabaki vilevile, masalio yakihamia mwaka wa sita. Thamani halisi ya sasa inapanda hadi takriban milioni 7.78, na anuiti inakuwa takriban shilingi 2,054,000. Kubwa inaipita Ndogo. Msimu mmoja tu umegeuza uamuzi. Lakini upande wa pili nao uangaliwe: Ndogo ikidumu miaka 4 badala ya 3, anuiti yake inafika takriban 2,568,000, na inaiacha Kubwa ya miaka 6 mbali sana. Kwa hiyo mjumbe anayesema kuwa miaka mitano ya Kubwa imekadiriwa kwa uoga anatakiwa aulizwe pia kama mitatu ya Ndogo haikukadiriwa kwa uoga uleule.

Umri wa mashine ya kubangua haupimwi kwa kalenda. Visu, beringi na mota huchakaa kwa saa za kazi na kwa magunia yaliyopita, nayo mashine iliyofunikwa turubai miezi minane haizeeki sawa na inayofanya kazi mwaka mzima. Muuzaji anaposema miaka mitano, aulizwe ni miaka ya tani ngapi. Kama alikuwa na tani 80 kwa mwaka akilini, basi alikuwa anasema tani 400, na kwa kikundi cha tani 50 hizo ni miaka 8, si 5. Vivyo hivyo kwa Ndogo. Ila usiishie kwenye mgawanyo huo peke yake, kwa sababu unyevu wa hewa hula chuma hata mashine ikiwa imelala, na mafuta ya ganda la korosho, ambayo ni makali kiasi cha kuunguza mikono ya wabanguaji, huganda kwenye visu na mpira wa mikanda yasiposafishwa kila jioni. Ushahidi ulio bora ni wa mtumiaji, si wa muuzaji: nenda kwa kikundi chenye mashine ya aina hiyo Masasi, Tandahimba au Nachingwea, uliza ilinunuliwa mwaka gani, imebangua kiasi gani, na ni kitu gani kilichokufa kwanza.

Kiwango cha punguzo kinafuata. Kwa asilimia 20 halisi, Ndogo inatoa takriban 1,492,000 na Kubwa takriban 792,000, hivyo pengo linapanuka. Kwa asilimia 10 zinakaribiana mno, 2,162,000 kwa 2,100,000. Kwa asilimia 9 zinalingana kwa hesabu ya namna hii, na kwa asilimia 8 Kubwa inatangulia, 2,349,000 kwa 2,293,000. Sababu yake inaeleweka: mashine ghali inayodumu hufunga fedha nyingi kwa muda mrefu, na fedha ikiwa nafuu, kuifunga hakuumi sana. Kikundi kinachopata mkopo wa halmashauri usio na riba, kama ule wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kinaweza kufika kwenye jibu tofauti na jirani yake anayekopa benki, na wote wawili wakawa sahihi. Lakini mkopo huo usichukuliwe kuwa punguzo la asilimia sifuri kwa miaka yote mitano kama unatakiwa urejeshwe mapema kuliko hapo, au kama haugusi bei yote ya mashine. Sehemu inayobaki bado ina gharama yake.

Kuhusu bei, hesabu ni rahisi. Zidisha pengo la anuiti, 372,285, kwa jumla ya vigezo vya Ndogo, 2.2832, upate 850,000. Bei ya Ndogo ikifika shilingi 9,850,000, mashine hizi zinalingana. Gharama za usafirishaji kutoka bandarini hadi Newala, za kujenga msingi wa zege na za kuvuta umeme wa njia tatu zinaweza kuimeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo, tena kwa mashine yoyote kati ya hizo mbili. Zihakikiwe kabla ya kikao, si baada ya mashine kushushwa.

Jambo la mwisho katika sehemu hii linahusu korosho yenyewe. Tumechukulia ujira wa shilingi 250 bila kujali korosho inatoka nzima au vipande. Kama kikundi kingekuwa kinabangua korosho yake na kuiuza, uzima wa korosho ungeingia kwenye mapato moja kwa moja, kwa kuwa nzima hupata bei nzuri kuliko vipande. Pengo la anuiti likigawanywa kwa kilo 50,000 ni kama shilingi saba na nusu kwa kila kilo ya ghafi. Kwa hiyo, kama Kubwa inavunja korosho chache kiasi cha kuongeza zaidi ya shilingi 8 kwa kila kilo ya ghafi inayopita, inastahili kununuliwa hata kwa miaka yake mitano. Hilo halikadiriwi mezani. Chukua gunia moja, ligawe, libangue kwenye mashine zote mbili, kisha pima nzima na vipande kwenye mizani.

Pale ambapo anuiti haifai

Njia hii inategemea kwamba kazi itaendelea baada ya mashine ya kwanza kufa. Tuseme kikundi kimepata banda kwa mkataba wa miaka 3 usioweza kuongezwa, na hakina mahali pengine pa kwenda. Hapo hakuna mnyororo, na anuiti ya Kubwa ya miaka 5 haina maana, kwa kuwa miaka miwili ya mwisho haitakuwepo. Zilinganishe kwa miaka 3 tu, ukiuliza Kubwa ingeuzwa kwa bei gani mwishoni mwa mwaka wa tatu kabla ya kufanyiwa matengenezo makubwa. Miaka mitatu ya 6,900,000 ina thamani ya leo ya 15,754,080. Ukitoa 18,000,000 unabaki na upungufu wa 2,245,920. Ili Kubwa ifikie 4,180,420 ya Ndogo, bei ya kuiuza lazima ilete 6,426,340 kwa fedha za leo, na ukigawanya kwa 0.6575 unapata takriban shilingi 9,774,000. Swali linabadilika na kuwa la sokoni kabisa: je, yupo mtu Mtwara au Lindi atakayetoa karibu shilingi milioni 9.8 kwa mashine iliyobangua misimu mitatu na inayodai beringi, visu na mota mpya?

Hali nyingine ni pale ambapo mashine ya kesho haitafanana na ya leo. Kama kuna sababu ya kweli ya kuamini kwamba baada ya miaka mitatu zitaingia mashine bora kwa bei hiyohiyo, Ndogo ina faida ambayo anuiti haikuihesabu, kwa sababu inakiacha kikundi huru mapema. Kama, kinyume chake, kikundi kinajua kwamba hakitaweza kukusanya milioni 9 nyingine mwishoni mwa mwaka wa tatu, dhana ya kununua tena imevunjika upande wa Ndogo. Katika hali zote mbili andika mnyororo wenyewe kwa mkono, mwaka kwa mwaka, ukiweka katika kila mwaka wa kununua bei na mapato unayoyatarajia mwaka huo, kisha ukomeshe minyororo yote miwili katika mwaka mmoja na uipe mashine itakayokuwa bado hai thamani yake ya kuuzwa.

Kwa kikundi chetu cha Newala, mweka hazina angeandika kwenye taarifa yake kwamba Ndogo inaongoza kwa shilingi 372,000 kwa mwaka kwa riba halisi ya asilimia 15, kwamba uongozi huo unapotea Kubwa ikithibitika kufika miaka 6 huku Ndogo ikibaki 3, au korosho nzima ikiongeza zaidi ya shilingi 8 kwa kilo pale kikundi kitakapoanza kuuza korosho yake, na kwamba kikao kisipige kura kabla wajumbe wawili hawajarudi kutoka Tandahimba na Nachingwea wakiwa na rekodi za tani zilizobanguliwa na mashine za aina hizo mbili.